Dhahabu ya Bibi: Kuiyeyusha, Kuipangua au Kuiuza Ununue Mpya?

Asubuhi mizani ilisoma gramu 58.4. Vilikuwa kidani kimoja cha mawe mekundu, bangili mbili nene na jozi ya herini. Ilipokaribia adhuhuri, kwa sonara yuleyule wa Mji wa Kale, Mombasa, mizani ileile ilisoma 52.3. Dada yangu alinigeukia kwa macho ya mtu aliyeona mwizi akiingiza mkono mfukoni. Lakini hapakuwa na mwizi. Tulikaa mbele ya fundi tangu alipong'oa jiwe la kwanza hadi alipopoza tonge la dhahabu majini, na gramu 6 zilizotoweka tuliziona zinakokwenda, moja baada ya nyingine.

Dhahabu hiyo ilikuwa ya bibi mzaa mama. Alipofariki, vyombo vyake vya dhahabu viligawanywa kwa binti zake watatu. Mama yangu akatupa fungu lake mimi na dada yangu, tukaliyeyusha. Mama mkubwa hakutaka moto mwingi, akapangua kidani chake na kukiunganisha upya. Mama mdogo aliuza na kununua kipya. Kwa hiyo nyumba moja ilipita njia zote tatu, na nimepata nafasi ya kuzilinganisha kwa karibu. Kama nawe una kifurushi kabatini hujui ukifanye nini, soma huku umekiweka mbele yako.

Tunalinganisha nini

Nitazitazama njia zote tatu kwa mambo manne. La kwanza ni kumbukumbu: mwishoni, utakachovaa kitakuwa bado cha bibi kwa kiasi gani? La pili ni upungufu, yaani dhahabu inayopotea kati ya mizani ya kwanza na ya mwisho. La tatu ni ufundi, pesa anayolipwa sonara kwa kazi ya mkono. La nne ni mawe: yapi yatapona, yapi yatavunjika, na ya kujazia yatatoka wapi.

Kuna jambo moja linalotangulia hayo yote, nalo ni umiliki. Kama mirathi haijagawanywa, kidani hicho si chako peke yako hata kama kimelala kabatini kwako miaka 10. Kidani kinaweza kurudishwa kwa warithi wenzako kama kilivyo, lakini tonge lililoyeyushwa halirudi kuwa kidani.

Kwanza jua una nini

Watu huanza kuchagua mtindo kwenye simu kabla hawajajua dhahabu waliyo nayo ni ngapi. Sisi pia tulianza hivyo, na ndiyo maana 52.3 ilitushtua. Acha nieleze gramu zetu zilivyokwenda.

Fundi alianza na mawe. Kidani kilikuwa na viti 12 na mawe 11, kiti kimoja kilikuwa kitupu tangu nikiwa mtoto. Alipoyang'oa yote na kuyapima peke yake, yalitoa gramu 3.1. Kwa kipimo cha mawe hizo ni karati 15.5, maana karati moja ya jiwe ni gramu 0.2. Karati ya jiwe ni uzito, na karati ya dhahabu ni usafi, yaani sehemu ngapi kati ya 24 ni dhahabu tupu. Neno ni moja na mambo ni mawili, na wengi huchanganyikiwa hapo.

Kisha akakata bangili. Ndani mlikuwa na kitu cheusi kigumu mfano wa gundi kavu. "Hii ni lakiri, dada," akasema. "Wazee wetu walijaza ndani ili bangili isibonyee." Bangili iliyoonekana nene kumbe ilikuwa ganda. Akayeyusha lakiri ikatoka na moshi wake, akatoa springi ndogo za chuma kwenye vifungo vya herini na kidani, akapitisha sumaku kuhakikisha hakuna chuma kilichobaki. Hapo zikaondoka gramu 2.6 nyingine, tukabaki na 52.7.

Ndipo moto ukawashwa. Vipande viliingia kwenye kijungu, vikanyunyiziwa unga wa boraksi, na mrija wa gesi ukaelekezwa juu yake. Dhahabu tupu huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,064, na iliyochanganywa shaba na fedha huwahi kidogo. Vipande vililegea, vikazama, halafu vyote vikawa tone moja linalocheza mfano wa zebaki, lenye rangi ya kijani kwa juu. Akalimimina kwenye kalibu ya chuma iliyopakwa mafuta. Likapimwa likiwa 52.3. Moto wenyewe, ambao kila mtu huuogopa, ulichukua gramu 0.4 tu, na sehemu kubwa ya hizo ilikuwa uchafu, jasho la miaka na shaba iliyoungua. Dhahabu haigeuki moshi kwenye moto wa sonara. Ukiambiwa kwamba kuyeyusha peke yake kumekula asilimia 8 ya chuma kilichokwisha safishwa, uliza kwa utulivu imekwenda wapi.

Pigo la kweli lilikuja baada ya kipimo cha usafi. Bangili zilikuwa na chapa ya 22. Tonge likasoma karati 20.5. Sababu ni lehemu. Kila kiungo cha kidani, kila pete ya mnyororo, imeungwa kwa lehemu yenye dhahabu kidogo kuliko chombo chenyewe, kwa kuwa lazima iyeyuke kabla chombo hakijayeyuka. Chapa hupigwa kwenye bamba safi, na lehemu imejificha kwenye viungo. Ukiyeyusha vyote pamoja, lehemu inashusha karati. Marekebisho ya miaka mingi huongeza lehemu juu ya lehemu, na kidani cha bibi kilikuwa kimekatika na kuungwa zaidi ya mara moja.

Piga hesabu nasi. Gramu 52.3 za karati 20.5 zina dhahabu tupu gramu 44.67. Ukizihesabu kama dhahabu ya karati 22, ni sawa na gramu 48.7. Yaani kifurushi cha "gramu 58 za ishirini na mbili" tulichokuwa tukijivunia kilikuwa chini ya 49 tangu siku bibi alipokifunga.

Hilo la karati lina mtego ndani yake. Dada yangu alisema, "Si uongeze dhahabu tupu kidogo irudi 22?" Fundi akacheka, akaandika kwenye karatasi: ili gramu 52.3 za karati 20.5 zipande hadi 22 kwa kuongeza dhahabu tupu, zinahitajika gramu 39 hivi za karati 24. Kushusha ni rahisi. Kwa kuongeza gramu 7.3 za shaba na fedha ingekuwa karati 18. Kupandisha bila kununua dhahabu nyingi kunataka kusafisha kwa tindikali hadi shaba na fedha zitoke, na kazi hiyo ina gharama yake na upungufu wake. Tukaamua ibaki 20.5, na risiti iandikwe 20.5.

Kuhusu kipimo: jiwe jeusi la kujaribia na tindikali husoma pale lilipoguswa tu, na hata mashine ya kupima karati husoma ngozi ya juu. Kwa chombo kizima utapata jibu la juu kwenye bamba na la chini kwenye kiungo. Jibu la kuaminika ni la tonge lililokwisha yeyushwa na kukorogwa vizuri, likapigwa tupa pande mbili na kupimwa zote.

Njia ya kwanza: kuyeyusha na kufua upya kwa dhahabu ileile

Kwa upande wa kumbukumbu, umbo linakufa na chuma kinabaki. Kuna wanaosema hilo ni kumpoteza bibi mara ya pili. Mimi nilitulizwa na mama, aliyetukumbusha kwamba bangili zile zenyewe zilifuliwa kutokana na vikuku vya mama yake bibi. Dhahabu ya pwani haikai na umbo moja vizazi vitatu. Lakini kumbukumbu hiyo ina sharti moja: dhahabu yako iyeyushwe peke yake, kwenye kijungu kisichokuwa na masalio ya mtu mwingine, na wewe ukitazama. Ukiiacha ukaambiwa urudi wiki ijayo, utapewa chombo cha uzito uliokubaliwa, lakini huna njia ya kujua ni dhahabu ya nani. Mimi miaka iliyopita niliacha mkufu mahali kwa namna hiyo, bila kuandikiana uzito, na uliporudi ulikuwa mwepesi kidogo, nami sikuwa na karatasi ya kusema lolote.

Upungufu wa njia hii hutokea zaidi kwenye benchi kuliko kwenye moto. Tonge hupondwa liwe bapa, huvutwa liwe waya, hukatwa kwa msumeno mwembamba, hupigwa tupa, husuguliwa hadi king'are. Kila hatua inatoa unga. Chini ya benchi ya sonara kuna ngozi imetandikwa, nayo hukusanya unga huo. Unaokwenda na gurudumu la kung'arishia ni mgumu zaidi kukusanya. Mtindo wa bapa na laini hupoteza kidogo. Nakshi za waya, matundu na mashina madogomadogo hupoteza zaidi. Jambo la kupatana kabla ni hili: upungufu ni asilimia ngapi, na unga wa tupa ni wa nani? Sisi tulikubaliana asilimia 3 na unga ubaki kwa fundi. Ungeweza pia kupatana urudishiwe unga na ulipe ufundi mkubwa zaidi. Zote ni sawa, ila usilipe mara mbili, yaani ukatwe asilimia kubwa na unga usiuone.

Ufundi hutozwa kwa gramu au kwa kazi. Nitatumia bei za mfano, wewe weka za siku yako: dhahabu tupu shilingi 16,000 kwa gramu, na ufundi shilingi 1,500 kwa gramu. Gramu 50 za kazi zinakuwa shilingi 75,000. Upungufu wa asilimia 3 ni gramu 1.57, na kwa karati 20.5 ni kama shilingi 21,500. Jumla 96,500, bila mawe mapya. Hizo 75,000 ni pesa taslimu za kutoa mfukoni, na ndipo watu wengi hukwama.

Mawe ndiyo sehemu niliyojifunza mengi. Tulikuwa tukiyaita yakuti. Fundi aliyatazama kwa kioo cha kukuzia, akayatenga mafungu mawili. Matatu yalikuwa vioo vyekundu: kingo zake zimelika na ndani mna viputo vya hewa. Yawezekana fundi wa zamani alijazia pale yalipodondoka. Manane yalikuwa yakuti kweli kwa maumbile yake, lakini ya kutengenezwa. Ndani yake mlikuwa na mistari iliyopinda mfano wa duara la sahani, ambapo jiwe la ardhini huwa na mistari iliyonyooka. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kutengeneza yakuti kwa moto mwaka 1902, na tangu hapo mawe hayo yamesambaa kila soko. Kwa hiyo kidani kuwa cha kale hakuthibitishi kwamba jiwe lake lilichimbwa.

Dada yangu alihuzunika zaidi kwa jambo jingine. Mawe yalipotoka kwenye viti vyake yakafifia. Viti vile vilikuwa vimefungwa nyuma na kutandikwa karatasi nyembamba ya chuma inayong'aa, na mng'ao tuliouzoea ulikuwa wa karatasi. Ukiyapeleka kwenye kiti kipya kilicho wazi nyuma, rangi haitakuwa ileile. Mwambie fundi mapema kama unataka kiti kilichofungwa.

Tulifanya kinyume cha desturi: mtindo ulianza kwenye mawe. Manane yaliyokuwa mazima yalikwenda kwenye herini mbili, manne kila upande, yakipangwa kwa ukubwa kwa sababu mawe ya zamani yalikatwa kwa mkono na hayalingani. Kutafuta jiwe moja la kujazia lililo sawa kwa rangi na yale ya zamani ni kazi ya kuchosha, na mara nyingi jipya hung'ara kuliko wenzake likaonekana kama jino la bandia. Ama upunguze idadi kama sisi, ama ununue yote mapya kwa mpigo.

Njia hii inamfaa mwenye dhahabu iliyochakaa au iliyovunjika, asiyependa umbo la zamani, ambaye anataka kusema "hii ni dhahabu ya bibi" na iwe kweli, na mwenye pesa ya ufundi mkononi.

Njia ya pili: kupangua na kuunganisha upya

Mama mkubwa alikuwa na kidani chenye kitovu kikubwa cha nakshi na feruzi katikati, na minyororo mitatu mizito iliyokuwa ikimwumiza shingo. Alitaka kukivaa kila siku, si harusini tu. Fundi alikata kitovu, akakitia kwenye mnyororo mmoja tu, na ile minyororo miwili iliyobaki ikawa bangili za wajukuu wawili.

Kumbukumbu hapa ndiyo inayopona zaidi. Kitovu bado kina mikwaruzo ya bibi, na anayemjua bibi akikiona anakijua. Kitu pekee kilichopotea ni ule uzima wa kidani. Hakiwezi tena kuvaliwa kama kilivyo kwenye picha ya harusi ya bibi, na mama mkubwa alikipiga picha pande zote kabla hakijakatwa.

Upungufu ni mdogo kupita njia zote, kwa kuwa hakuna kinachoyeyushwa. Ni unga wa msumeno na tupa kwenye sehemu zilizokatwa. Kwake haukufika nusu gramu. Karati nayo haichanganyiki: bamba la 22 linabaki 22 na kiungo kinabaki kiungo. Ila dhahabu ya lakiri inabaki na lakiri yake, kwa hiyo usiipime ukadhani yote ni dhahabu.

Ufundi haufuati gramu, hufuata idadi ya mikato na viungo. Kwa chombo kizito hilo ni nafuu kubwa. Kwa chombo chepesi chenye vipande vingi linaweza kuwa ghali kuliko thamani inayookolewa, kwa hiyo taka bei ya kazi nzima kabla ya mkato wa kwanza.

Hatari kubwa iko kwenye moto mdogo. Fundi akipeleka mrija wa gesi kwenye kiungo kimoja, lehemu ya zamani iliyo karibu hulegea, na unaweza kuona ua la nakshi likidondoka mbele yako. Ilimtokea mama mkubwa: shina moja lilianguka, likaungwa tena, na hadi leo limeinama kidogo. Chombo kilichorekebishwa mara nyingi hakipendi njia hii.

Mawe kwa upande mmoja yananufaika, maana mengi hayaondoki kwenye viti vyake na karatasi ya nyuma haiguswi. Kwa upande mwingine ndipo yanapoharibikiwa, fundi akiwa mvivu wa kuyatoa. Feruzi hubadilika rangi kwa joto. Lulu na marijani huungua. Zumaridi ina nyufa za asili, na nyingi hutiwa mafuta kuzificha, hivyo joto huitoa aibu yake yote. Kioo hupasuka. Yakuti huvumilia joto, lakini boraksi ikiligusa ikiwa moto huula uso wake ukawa na ukungu. Kanuni ya fundi mzuri ni kutoa kila jiwe lililo karibu na kiungo kinachopigwa moto, hata kama kazi inaongezeka. Muulize waziwazi, "Hili utalitoa au utalifunika?" Jibu lake litakuonyesha umekaa mbele ya nani.

Inamfaa mwenye chombo chenye sehemu moja nzuri inayostahili kubakia, au warithi wawili watatu wanaotaka kila mmoja apate kipande. Haimfai mwenye chombo kilichochoka viungo.

Njia ya tatu: kuuza na kununua kipya

Mama mdogo alisema tangu mwanzo kwamba kumbukumbu ya bibi kwake ni mapishi, si dhahabu. Aliuza. Sioni sababu ya kumhukumu. Chombo kipya hakina chochote cha bibi ndani yake isipokuwa pesa yake. Kuna wanaoridhika na hilo, na kuna wanaojuta miezi mitatu baadaye. Wewe ndiwe unayejijua.

Upungufu hapa hauonekani kwa macho, umefichwa kwenye bei ya kununulia. Anayenunua dhahabu ya zamani hununua chini ya bei ya siku, na akinunua chombo kizima hujikinga zaidi: hukisia lakiri, hukisia mawe, hukisia karati kwa upande wa chini. Ni haki yake, kwa kuwa hajui kilichomo. Dawa ni kupatana kwanza asilimia ya bei ya siku, iandikwe, kisha mawe yatolewe, dhahabu iyeyushwe mbele yako na ipimwe. Mpangilio huo ni muhimu: ukiyeyusha kabla ya kupatana bei, umebaki na tonge kwenye meza ya mtu na nguvu ya kuondoka imepungua.

Tuweke dhahabu yetu ile ile kwenye njia hii. Gramu 44.67 za dhahabu tupu kwa 16,000 ni kama shilingi 715,000. Mnunuzi akikata asilimia 5, unapata kama 679,000. Ukinunua chombo kipya cha karati 22, bei ya dhahabu ni 14,667 kwa gramu na ufundi 1,500, unapata gramu 42. Hasara yako ni kama 36,000 kwenye kuuza na 63,000 za ufundi wa kipya, jumla 99,000. Linganisha na 96,500 za kuyeyusha. Tofauti ni shilingi elfu mbili na kidogo, ambayo sonara yeyote anaweza kuigeuza kwa kupunguza au kuongeza bei yake kidogo. Nilipoona hivyo niliacha kuuliza ipi ni nafuu. Swali likawa: unataka kutoa taslimu ubaki na gramu 50, au usitoe kitu ubaki na 42?

Ufundi wa chombo kilichokwisha tengenezwa unaweza kuwa chini kuliko wa kuagiza, kwa kuwa vingi hutengenezwa kwa mashine kwa wingi. Na unakiona kabla ya kulipa, jambo ambalo kuyeyusha hakukupi.

Mawe ya zamani mnunuzi wa dhahabu kwa kawaida hayalipii. Omba urudishiwe hata kama ni vioo. Kwenye ununuzi mtego unageuka: kuna wanaopima chombo kipya pamoja na mawe yake, wakakutoza yote kwa bei ya dhahabu. Mawe ya gramu 3.1 kama yetu yangekuwa shilingi 45,000 za kioo. Taka risiti itenge uzito wa dhahabu na wa mawe.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi hapa Mombasa, kuna suala la riba. Dhahabu kwa dhahabu hubadilishwa kwa uzito sawa, mkono kwa mkono. Kutoa gramu 50 za zamani ukapewa 42 mpya kwa kisingizio cha ufundi, wanazuoni wengi hulikataza. Njia wanayoielekeza ni kuuza, upokee pesa, iwe noti mkononi au M-Pesa imeingia, kisha ununue kama mteja mwingine yeyote, ukiwa huru kwenda duka jingine. Njia ya kwanza haina tatizo hilo ikiwa ni dhahabu yako mwenyewe inayofuliwa na unalipa ujira, na hiyo ni sababu nyingine ya kutaka isichanganywe na ya mtu.

Njia hii inamfaa asiye na taslimu ya ufundi, anayetaka kuvaa wiki hiihii, au warithi wanaohitaji kugawana pesa sawasawa bila ugomvi wa nani kachukua kitovu.

Kidogo kuhusu mawe ya kujazia

Ukiamua kutia mawe mapya, tazama kwanza chombo kitavaliwa wapi. Vumbi la kawaida lina mchanga wa ugumu wa 7 katika kipimo cha 10, kwa hiyo jiwe lililo chini ya hapo hukwaruzika likivaliwa kila siku kidoleni. Feruzi iko kati ya 5 na 6, lulu karibu 2.5: ziweke masikioni au shingoni. Yakuti ina 9, inavumilia pete. Kati yake iko tsavoraiti, ganeti ya kijani iliyopewa jina la Tsavo na inayochimbwa Taita Taveta, safari ya saa chache tu kutoka hapa. Ina kati ya 7 na 7.5, haihitaji kutiwa mafuta kama zumaridi, na kwa herini au kitovu sioni jiwe lenye fahari zaidi kwa nyumba ya pwani. Lakini nalo lisipigwe moto. Litiwe mwisho, kazi yote ya lehemu ikiwa imekwisha.

Dhahabu ya karati 22 ni laini, na makucha membamba yanayoshika jiwe hufunguka yakinaswa na uzi wa baibui. Kwa mawe ya thamani kwenye pete, taka ukingo mzima unaozunguka jiwe, au kubali karati 18 iliyo ngumu zaidi, ukijua kwamba baadaye mnunuzi atakulipa kwa 18.

Ukisimama hapa, fanya hivi

Kama chombo ni kizima, viungo imara, na kuna sehemu moja unayoipenda, anza kufikiria kupangua. Ukiona viungo vina mabonge ya lehemu ya rangi tofauti, acha wazo hilo na uende kwenye kuyeyusha au kuuza.

Kama kilichobaki ni vipande, herini moja isiyo na mwenzake na pete iliyopasuka, hapo kuyeyusha kunakupa zaidi, ila kama jumla ni gramu 5 au 6 tu, ufundi na upungufu vinaweza kumeza faida. Kwa kiasi hicho fua kitu kimoja cha bapa, pete isiyo na nakshi kwa mfano, au uza.

Kama harusi ni wiki mbili zijazo, usiagize. Fundi mwenye haraka hapimi tonge pande mbili. Vaa cha bibi kama kilivyo au nunua kilicho tayari, na la kuyeyusha liache baada ya fungate.

Kama ndugu mnavutana, msikimbilie kwa fundi. Pimeni kwanza mbele ya wote, mawe kando na dhahabu kando, na mkubaliane nani anataka umbo na nani anataka thamani. Kwetu mama mkubwa alitaka umbo na mama mdogo alitaka thamani, na kwa kuwa waliligundua mapema hawakugombana.

Na kama huna uhakika wowote, peleka kwa sonara kisafishwe na kupimwa tu. Atahesabu mawe, utaandika idadi, rangi na kipimo cha kila moja kwa milimita, utapiga picha, na utarudi nacho nyumbani. Karatasi yetu ya siku ile bado iko kwenye kikopo cha herini: mawe 11, manane na matatu, kiti kimoja kitupu.